Raundi ya Sita

Katika ofisi nyingi za Dodoma, mwaliko wa Ijumaa jioni hauji kama mwaliko bali huja kama lifti, na hapo ndipo mtego wake ulipo. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na baadaye wizara zikajengewa Mji wa Serikali kule Mtumba, mashariki ya jiji kando ya barabara ya Dar es Salaam, mtumishi asiye na gari amezoea kurudi nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha mwenzake. Na aliyepakiwa hana usukani, wala hana kauli juu ya mahali gari litakaposimama. Mwenye gari husema tu kwamba watapita mahali mara moja. "Mara moja", katika matumizi haya, ni kipimo cha muda kisichopungua saa nne. Wagogo husimulia kwamba jina la mji lilitokana na tembo aliyezama kwenye tope, wakasema "idodomya", yaani amedidimia. Na ni vyema ikumbukwe kwamba, kwa mujibu wa masimulizi hayo, tembo naye alikuwa amekwenda kunywa tu.

Kinachomdidimiza mtumishi ni raundi, yaani utaratibu ambao kila aliyekaa mezani hununulia meza nzima kinywaji kimoja kimoja kwa zamu, hadi zamu ziishe. Utaratibu huu unaonekana kuwa wa haki hadi anapoketi mtu wa soda. Tuchukue meza ya watu sita, watano wakinywa bia ya shilingi 2,500 na mmoja soda ya shilingi 1,000. Kila raundi inagharimu shilingi 13,500, na zamu zikizunguka zote sita, kila mtu atakuwa ametoa kiasi hichohicho. Lakini mnywa bia amekunywa bia za shilingi 15,000, akapata faida ya shilingi 1,500, ilhali mtu wa soda amekunywa za shilingi 6,000 na kutoa zilizobaki, shilingi 7,500, ambazo zikigawanywa kwa watano hutoa ileile faida ya kila mmoja bila kubaki senti. Hesabu inafunga vizuri mno kiasi kwamba mtu huanza kushuku kama alialikwa kwa mapenzi. Zaidi ya hapo, soda sita za mililita 350 ni lita mbili na ushei, na mtu aliyezinywa kwa heshima ya wenzake hupaswa kuomba njia mara nyingi kuliko walevi, jambo linalowafanya walevi wamuulize kama ana tatizo.

Haikuwa hivyo zamani katika nchi hii hii. Mwenye shamba Ugogoni aliyetaka kupaliliwa alipika ujimbi, pombe ya mtama au uwele, akawaita majirani, nao wakafanya kazi kisha wakanywa. Pombe ilikuwa ujira wa jembe. Raundi ya ofisi imegeuza mambo: mtu amekwisha kufanya kazi wiki nzima, ndipo anatakiwa alipie.

Kukataa kunaruhusiwa, ila kwa hati. Sababu zinazopokelewa bila mjadala ni dini, dozi na usukani. Mwislamu haulizwi mara mbili, na mlokole huulizwa kwa utani tu. Lakini asiye na lolote kati ya hayo, ambaye hataki kwa sababu tu hataki, huitwa anayejisikia, au mnoko, yaani mtu anayekusanya maneno ya mezani ili ayafikishe kwa bosi. Ndiyo maana wengi hukimbilia dozi, na hapo hukosea hesabu. Dozi ya mseto, dawa ya malaria inayotumika sana nchini, kwa mtu mzima ni vidonge 24 vinavyomezwa kwa siku 3, kwa hiyo aliyeianza Ijumaa, Jumatatu ameshaimaliza. Na Dodoma, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na yenye ukame wa zaidi ya nusu mwaka, haina malaria ya kumtosheleza mtu kila wiki. Mezani huulizwa mbu huyo ametokea wapi. Aliyewahi kuipunguza hafla Dodoma bila kutoa udhuru wa afya ni Rais John Magufuli, ambaye mwaka 2015 aliagiza sehemu kubwa ya fedha za hafla ya kufungua Bunge ikanunue vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mtumishi wa kawaida hajakabidhiwa mamlaka hayo.

Mwandishi wa insha hii, aishiye Nzuguni, alijaribu usukani, sababu aliyodhani kuwa imara kuliko zote, akasahau kwamba hana gari. Ijumaa hiyo lifti ilipita mbele ya njia ya kwao saa 11:20 jioni, yeye akiiangalia kupitia dirishani kama abiria wa treni ya haraka, kwa kuwa Nzuguni iko kati ya Mtumba na mjini, na baa iko mjini. Alipoulizwa atakunywa nini, alijibu kwamba hanywi kwa sababu ataendesha, na meza ikashangilia, kisha mwenye gari akamrushia funguo.

Baa nyingi haziondoi chupa tupu mezani hadi bili ilipwe, ili mhudumu na wateja wahesabu kitu kimoja, na chupa hizo husogezwa palipo na nafasi. Nafasi ilikuwa mbele ya mtu wa soda, ambaye hakuwa na sahani ya mbuzi choma wala simu mbili. Kufikia raundi ya nne alikuwa amezungushiwa uzio wa chupa 20 za bia, soda yake ya tangawizi ikiwa imemiminwa kwenye glasi na kufanana kabisa na bia, ndipo picha ikapigwa. Picha ilifika kwenye kundi la wasapu la ofisi, na kutoka hapo, kwa njia ambayo uchunguzi haujaibaini, ikafika kwenye kundi la jumuiya ndogondogo ya mkewe, ambako ilipokewa kwa maombi.

Raundi ya sita ilipokwisha ndipo ilipodhihirika kwamba mezani hapakuwa na mtu aliyekumbuka zamu ya nani imelipwa, isipokuwa mmoja. Alifanywa mhasibu, kisha mtunza simu, kisha dereva. Alimshusha wa kwanza Kisasa, wa pili Ilazo, wawili Kikuyu, kila mmoja akimsihi aingie ndani mara moja, kisha akamfikisha mwenye gari Nkuhungu, magharibi ya jiji, upande wa pili kabisa wa kwake. Akarudi Nzuguni kwa bodaboda saa 7 usiku, kwa nauli ya usiku, dhidi ya upepo wa Dodoma ambao hauna huruma kwa mtu aliyevaa shati la mikono mifupi.

Asubuhi, akitafuta chenji mfukoni, alikuta funguo za gari la watu. Alipiga simu, akaelekezwa azilete mahali ambapo mwenyewe alikuwa akipata supu, kwani kwa wanywaji supu ya Jumamosi ni sehemu ya Ijumaa. Alipofika aliwakuta wote watano, wakiwa wamemwachia kiti, na mbele ya kiti tangawizi iliyokwisha kufunguliwa.