Kidole Gumba Hakinunui Pampasi: Mwongozo kwa Ndugu Watano Wenye Mama Mmoja

Kwanza wekeni simu chini. Kikundi cha wasapu cha familia kimejaa vidole gumba, mikono ya dua na ahadi za mwisho wa mwezi, na hakuna duka la dawa Mji wa Kale wa Mombasa linalopokea hata kimoja kati ya vitu hivyo. Nunueni daftari la kurasa 96, mpeni yule anayelala chumba kimoja na mama, naye aandike kila shilingi inayotoka kwa miezi miwili. Kabla ya hapo msigawane kitu. Ndugu wengi hugombana juu ya hesabu ambayo hawajawahi kuiona: aliye bandarini anadhani mama anakula elfu kumi kwa mwezi, aliye Doha anadhani ni elfu themanini, na anayejua ukweli hajaulizwa.

Tuchukue nyumba ya mfano, Kibokoni. Mama ana miaka 76, sukari na presha, na kiharusi kimemlegeza upande wa kushoto. Anaishi ghorofa ya kwanza. Chini kuna duka lililokodishwa. Watoto ni watano: kaka mkubwa yuko bandarini, dada anafanya kazi hotelini Doha, wa tatu ni mwalimu, wa nne anaendesha tuktuk, na kitinda mimba, binti, yuko na mama usiku na mchana. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi mlangoni, lakini tangu mama augue anakanda unga siku anazopata nafasi tu.

Daftari la miezi miwili likaonyesha hivi kwa mwezi. Chakula na gesi ni 14,000. Dawa pamoja na vipande vya kupimia sukari ni 6,500. Pampasi za watu wazima, 5,500. Maji na umeme, 4,000, maana mfereji ukikauka maji hununuliwa kwa madumu ya mkokoteni, na mgonjwa wa kitandani hufuliwa shuka kila siku. Kwenda kliniki ni 1,700, na bima 300. Jumla 32,000. Wakaongeza 4,000 za akiba ya dharura, ikawa 36,000.

Hapo ndipo ndugu wengi hufunga daftari na kugawanya kwa tano. Lifungueni tena, mshahara mmoja haujaandikwa.

Kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya kulalia ni kazi. Kumwosha, kumlisha taratibu asipaliwe, kumchoma kidole kupima sukari kabla ya chai, ni kazi. Kama binti huyu angeolewa Lamu kesho, mngetafuta mtu wa kuajiri, na mtu huyo angewatajia mshahara kabla ya kuvua viatu. Serikali huweka kima cha chini: kwa kile cha Novemba 2024, mfanyakazi wa nyumbani katika jiji la Mombasa hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Hicho ni kiasi cha kuanzia kwa mtu ambaye jioni huenda kwao. Kwa binti anayeamka usiku, ndugu wa mfano wetu wakakubaliana 18,000. Jumla sasa ni 54,000.

Kaka mkubwa atasema, "Lakini yeye ni mwanawe, mtu hulipwa kumlea mamake?" Na nyinyi ni wanawe. Fadhila yake kwa mama ni yake na Mola wake, na malipo haya hayaipunguzi. Mnachomlipa ni mahamri aliyoacha kuuza kwa niaba ya watu wanne.

Msitoe ahadi badala ya mshahara. Ahadi inayopendwa zaidi Mji wa Kale ni hii: "Wewe mlee mama, nyumba itakuwa yako." Mwenye kuisema hana nyumba ya kutoa. Mama akifa, mirathi ya Kiislamu hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa, mwana wa kiume mara mbili ya binti, na hakuna fungu la aliyemlea. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Mama mwenyewe anaweza kutoa hiba akiwa hai na ana afya, lakini hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Kwa hiyo binti aliyeahidiwa nyumba kwa maneno, akalea miaka kumi, anaweza kusimama mbele ya Kadhi na kutoka na nusu ya fungu la kaka aliyekuwa akituma vidole gumba. Tena chunguzeni hati, kwa sababu nyumba kadhaa za mitaa hii ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Mlipeni kila mwezi, kwa pesa, akiwa bado na nguvu za kuzitumia.

Kabla ya kugusa mfuko wa mtoto yeyote, anzeni na mali ya mama mwenyewe. Nafaka yake, kodi yake, haki yake. Duka la chini linalipa 12,000 kwa mwezi, na kwa miaka mitatu kodi hiyo imekuwa ikipokewa na kaka mkubwa "kwa ajili ya ukarabati". Kuanzia leo inaingia kwenye daftari, na ukarabati uandikwe pembeni kwa risiti. Mama pia ameandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, unaolipa 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo huweza kuchelewa, basi zihesabiwe upande wa akiba, zisitegemewe kwa dawa. Ukitoa 14,000 katika 54,000, kinachobaki juu ya watoto ni 40,000.

Sasa mgao. Tano sawa kwa sawa ni dhuluma iliyovaa kanzu safi. Kugawa kwa mshahara mzima nako kuna kasoro, kwa kuwa mwenye mshahara mkubwa anaweza kuwa na watoto wanne shuleni. Mafakihi walilitazama jambo hili zamani: nafaka ya mzazi asiyejiweza humwangukia mtoto aliyebakiwa na kitu baada ya kujitosheleza yeye, mkewe na wanawe. Wametofautiana kuhusu fungu la binti na la kijana, na hapo muulizeni sheikh wenu, lakini msingi wa ziada ni mzuri na hesabu yake ni nyepesi.

Kila mmoja aseme kinachomfikia mkononi, atoe kodi ya nyumba, chakula, ada za shule na mikopo. Mkubaliane mapema kipi hakitolewi: gari la pili, mchango wa harusi ya rafiki, na simu mpya si mahitaji ya lazima. Katika nyumba yetu kaka anabakiwa na 45,000, dada wa Doha 40,000, mwalimu 10,000, dereva wa tuktuk 5,000. Kitinda mimba habakiwi na kitu. Jumla ya ziada ni 100,000, na kinachotakiwa ni 40,000, basi kila mtu atoe senti 40 katika kila shilingi ya ziada yake: kaka 18,000, dada 16,000, mwalimu 4,000, dereva 2,000. Mngegawana sawa watu wanne, kila mmoja angetoa 10,000, na dereva mwenye 5,000 angekopa mwezi wa kwanza, angedanganya wa pili, na wa tatu asingepokea simu.

Dereva asiambiwe kwamba hatoi kitu. Vichochoro vya Kibokoni havipitishi tuktuk hadi mlangoni. Siku ya kliniki yeye na jirani humkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, humfunga leso kifuani asiteleze, kisha humshusha ngazi zile zilizosimama wima, mmoja mbele akirudi kinyumenyume, hadi barabarani. Safari hizo ziandikwe kwa bei ambayo dereva mwingine angetoza, zipunguze 2,000 yake. Kwa upande mwingine, kaka asimlete mkewe kulala na mama Jumamosi kisha akajiandikia zamu. Mke wa kaka akija amekuja kwa wema wake, na zamu ya kaka bado iko palepale. Kitinda mimba anahitaji siku moja kila wiki ya kutoka nyumbani, na asiyeweza kuja kumshika mkono, kama dada wa Doha, amlipie mtu wa siku hiyo.

Ngazi hizo zitawarudisha kikaoni. Ipo siku mama hatashukika tena kwa kiti, na itabidi ahamie chini, mpangaji wa duka aondoke. Kodi ya 12,000 ikitoka, watoto wanabaki na 52,000 za kuchangia: kaka 23,400, dada 20,800, mwalimu 5,200, dereva 2,600. Pigeni hesabu hii sasa, mpangaji akiwa bado analipa, msije mkambakisha mama juu kwa sababu hakuna aliyejiandaa.

Kuhusu bima, watu wa mishahara hukosea hapa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, makato ya 2.75% ya mshahara wa kaka yanamkinga yeye, mkewe na watoto wake. Mama hayumo. Anajiandikisha mwenyewe, anapimwa uwezo wake, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Zile 300 za daftari zinawekwa kando kila mwezi ili siku ya kulipa zipatikane. Msisubiri kulipa mkiwa mmesimama kwenye dirisha la hospitali.

Mtajuaje kwamba mpango umeanza kuvuja? Msimuulize mama, atasema "Alhamdulillahi" hata akiwa na njaa. Tazameni kasha la vipande vya sukari: 50 vikitumika kimoja kwa siku vinaisha kabla ya miezi miwili. Vikidumu miezi mitatu, ama sukari haipimwi ama hakuna pesa ya kununua vingine na vinabaniwa. Tazameni deni dukani, tazameni mgongo na visigino vya mama kama pamekuwa pekundu. Na msikilizeni kitinda mimba kwenye simu. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, msimwite mkali. Amechoka, na zamu zenu hazijafika.

Kila baada ya miezi mitatu kaeni tena na daftari, mama akiwepo na akisikia, kwa sababu mali inayohesabiwa ni yake na mwili ni wake. Aliyefutwa kazi ashushwe, aliyepandishwa cheo apande. Asiyetaka kusema kipato chake aandikiwe fungu sawa na la anayetoa zaidi, mpaka aseme.

Na mshahara wa dada yenu wa mwezi huu ulipeni kabla ya tarehe 5, mbele ya kila deni jingine lenu.