Mlinzi Aliyekoroma

Siku ya Mikaeli na Watoto, mbele ya madhabahu, watoto wangu wa shule ya Jumapili walimwonyesha Mungu akiwa amelala fofofo. Kichwa kimeegemea viganja, mdomo wazi, na mmoja wa mstari wa mbele akaongeza mkoromo ambao sikumfundisha. Kwaya kuu ilicheka mpaka shali zikateleza mabegani. Mzee wa kanisa hakucheka. Alinisubiri mlangoni: “Mwalimu, huyo Mungu wenu wa chini ya mwembe huwa anakoroma?”

Wimbo ulitoka katika Zaburi ya 121, na kwenye karatasi zaburi hiyo ni zawadi kwa mtunzi. Ina mistari 8 tu, na katika Kiebrania tendo la kulinda linarudi mara 6, kwa hiyo kiitikio unapewa bure. Ubaya umejificha katikati, pale inaposifu kwa kukanusha: mguu hautaachwa uteleze, mlinzi hasinzii, jua halidhuru, mwezi nao vivyo hivyo. Mtu mzima anasikia ahadi. Mtoto wa miaka mitano anasikia orodha ya mambo ya kuigiza.

Mikono haijui kukanusha. Jaribu mwenyewe, onyesha “hasinzii” bila kusinzia kwanza. Utalaza kichwa, kisha utatikisa kidole kukataa, na hizo tayari ni ishara mbili kwa neno moja. Mtoto mdogo ana nafasi ya ishara moja kwa kila kipande cha wimbo. Atachagua ile tamu, yaani kulala, na kidole cha kukataa kitakuja wakati wenzake wamekwisha kufika kwenye jua.

Ngoma nayo inamalizia uharibifu. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo mzuri huweka pigo zito hapohapo. Katika “hasinzii”, pigo linaangukia “nzi”. Ile “ha” ndogo, iliyobeba imani yote ya zaburi, inapita kabla ya pigo, nyepesi, watoto wakiwa bado wanavuta pumzi. Kinachobaki masikioni ni kusinzia. Nilikuwa nimeipanga noti kwa uangalifu mkubwa, kila mkazo mahali pake, na kadiri nilivyoipanga vizuri ndivyo Mungu alivyozidi kulala.

Halafu kuna suala la mlinzi mwenyewe. Kwa watoto wa mtaani kwetu mlinzi ni yule wa getini, mwenye koti zito na kiti cha plastiki. Niliposema huyu wetu hafumbi jicho usiku kucha, mmoja alinyoosha mkono: “Ticha, wa kwetu analala.” Darasa zima likakubaliana naye.

Kwa hiyo nimeusuka upya. Kukanusha kote nimekutoa, na usingizi nimemhamishia mtoto, maana kuwanyima kabisa kungekuwa ukatili:

Mungu macho, mimi nalala.
Mungu macho, mimi salama.

“Mungu” na “macho” zina silabi mbilimbili, mkazo mwanzoni, ngoma inazikuta zote mbili. Kwenye “macho” vidole vinazunguka macho kama miwani, kwenye “nalala” kichwa kinalazwa, kwenye “salama” mikono inakumbatia kifua. Ishara tatu, zinatosha kiitikio kizima. Kisha nikamwita mama muuza vitumbua wa getini, ambaye hajawahi kuusikia, nikawaambia watoto waigize bila sauti. Akatazama, akasema, “Huyu kalala, mwingine anamwangalia.” Mpaka mtu wa nje aseme hivyo, wimbo haujaiva.

Mguu usioteleza ulizaa mashindano ya kuanguka, sasa ni kukanyaga chini tu, po, po. Ishara ya jua ilimpiga mtoto kofi la sikio. Mwezi nimeuacha.

Lakini lile la mzee wa kanisa halijanitoka. Kwaya kuu ina sare, kinanda, na jioni mbili za mazoezi ndani ya kanisa lenye feni. Sisi tuna mwembe, na siku ya Alhamisi tunaambiwa tuandae “kitu kidogo cha watoto”, kitakachoingia kati ya sadaka na matangazo, na kisizidi dakika tatu. Wimbo wa kwaya ukiharibika husemwa spika zilikuwa mbovu. Wa watoto ukiharibika, mwalimu anaulizwa habari za Mungu wake.

Na kamati imekwisha kutupangia ya Krismasi. Ni Zaburi ya 1, ambayo inaanza na mtu asiyetembea, asiyesimama, na asiyeketi.