Saini Nimeiona, Wewe Nani?

Watu wa mji huu tunapenda kusaini jamani. Mpe mtu kalamu na karatasi yenye mstari wa nukta, hata hujamwambia karatasi yenyewe ni ya nini, keshakunja mkono wa shati na kuchora kitu kama mshipi wa kuvulia uliotatizwa na upepo. Anamalizia kwa nukta mbili na mstari chini, anairudisha kalamu kwa madaha. Sasa mwambie aandike jina lake hapo chini, kwa herufi kubwa, lisomeke. Sura inabadilika. "Si nimeshasaini?" Ndiyo, umesaini mheshimiwa, lakini ni nani aliyesaini?

Nimeyasema haya kwa sababu shemeji yangu amenunua kiwanja huko Chanika na akaniomba niwe shahidi wake. Ushahidi wa kiwanja ni kazi ya bure isiyo na shukrani. Unakalishwa kwenye benchi nje ya chumba cha wakili, unanunuliwa soda moja, na miaka kumi baadaye watu wakigombana unaitwa ukaeleze saini ile ni ya nani. Kwa hiyo nilikwenda na roho ya ukorofi, nimejiandaa kusoma kila kitu.

Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, umechapwa kwenye steshenari jirani na ofisi ya serikali ya mtaa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya muuzaji na mnunuzi. Wa pili ulibeba uzito wote: ukubwa wa kiwanja, mipaka ya pande nne, bei na namna ya kulipa. Wa tatu ulikuwa umejaa maneno ya "endapo" na "isipokuwa". Wa nne ulikuwa na nafasi za kusaini tu, na kwa kuwa ndio wenye nafasi za kusaini, shemeji aliufungua huo kwanza. Akasaini. Saini yake ina mkia unaotoka kwa mnunuzi ukaingia kwa muuzaji.

"Shem, umeshasoma?" nikamuuliza.

"Si umekuja wewe kusoma?"

Wakili, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, hakusema kitu. Aliurudisha mkataba kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye kona ya chini kulia. "Hapa herufi za mwanzo za majina yako. Na hapa. Na hapa."

Shemeji akanung'unika kwamba ameshasaini mwisho, kwani haaminiki? Na kwa kweli sheria iko upande wake, kwa kiasi fulani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, na uwe umesainiwa na yule ambaye siku moja utataka kumbana nao mahakamani. Hakuna neno pale kuhusu herufi kwenye kona. Saini ndiyo inayokufunga. Ukiacha kona zote tupu na ukasaini mwisho, mkataba haufi kwa sababu hiyo.

Ila hebu mtazame ukurasa wa pili. Umeshikwa na wenzake kwa pini moja ya stepla, basi. Mkataba mzima uko kwenye kompyuta ya steshenari, na kijana wa pale hana kinyongo na mtu, ukimpa mia tano anakuchapia ukurasa wowote unaoutaka. Mwenye nia mbaya anang'oa pini, anaweka ukurasa mwingine wa pili wenye bei nyingine au mpaka uliosogea, anabana upya. Maandishi ni yale yale, karatasi ni ile ile, na kule mwisho saini yako na mkia wake wote imekaa inathibitisha jambo ambalo hukuliona. Ukiona mkataba una matundu manne ya pini kwenye pembe badala ya mawili, usiendelee kunywa soda. Herufi za kwenye kona zipo kwa ajili hiyo tu: kuuambia ukurasa kwamba na wewe ulikuwepo siku ile. Na hazifanyi kazi ya saini. Aliyejaza kona zote akaacha mstari wa mwisho mtupu amejitengenezea kesi ya kubishana.

Tukaendelea. Kwenye ukubwa wa kiwanja kulikuwa kumechapwa mita 20 kwa 20, wakati sisi sote tulipima kwa kamba mita 20 kwa 30. Mtoto wa muuzaji, kijana msaidizi kupita kiasi, akatoa mfukoni kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Sijui ni nani anatembea na wino mweupe mfukoni. Wakili akamtazama mpaka kikarudi kilikotoka.

"Tukifuta, atakayesoma hatajua tulifuta nini wala nani alifuta," akasema. Akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 20 ya pili, ili yenyewe iendelee kusomeka, akaandika 30 juu yake. Kisha akataka kila upande uweke herufi zake za mwanzo pembeni, na sisi mashahidi pia, kwani sahihisho lisilo na herufi za wote ni la yule aliyeshika kalamu peke yake.

Muuzaji, Mzee Juma Hamisi, akaandika J.H. Safi, mahali padogo, kazi imekwisha. Shemeji akaweka saini nzima. Ikaanzia kwenye 30, ikafunika mpaka wa mashariki, ikaishia kwenye jina la jirani. Sasa ile namba tuliyosahihisha haikusomeka, na mpaka wa mashariki nao ulikuwa umepotea. Ikabidi ukurasa wa pili uchapwe upya na kona zake zijazwe upya. Mtu akikuomba herufi za mwanzo, anakuomba kitu kidogo kwa sababu nafasi ni ndogo. Si kwamba anakudharau.

Hapo ndipo tukafika kwenye jina, na jina ndilo lililokula mchana wetu wote. Karatasi ya zamani ambayo Mzee alinunulia kile kiwanja ilikuwa na saini ya mtu, nzuri, ya wino wa bluu, na chini yake hakuna jina. Ndani ya maelezo ameitwa "Juma Hamisi." Kitambulisho chake cha Taifa kina majina matatu. Ni cha yale matoleo ya mwanzo ambayo hayakuwa na saini ya mwenyewe, maana yenye saini yalikuja mwaka 2016, kwa hiyo hata ukitaka kulinganisha mkono na mkono huna pa kuanzia. Mstari mmoja wa herufi kubwa, majina matatu, siku ile aliponunua, ungetuokoa. Sasa anatakiwa kula kiapo kwamba Juma Hamisi wa kwenye karatasi na Juma Hamisi wa majina matatu ni mtu mmoja, naye ndiye huyu aliyekaa hapa akisinzia.

Na hati ya kiapo nayo ina ulaji wake wa saini. Mwapaji anasaini chini ya maelezo yake, anasaini tena kwenye uthibitisho kwamba anayoyasema anayajua mwenyewe, kisha anasaini kule mwisho, mbele ya kamishna wa viapo. Si nyumbani, akatuma mtoto apeleke. Pale mwisho kamishna naye anaeleza kiapo kimeliwa wapi na tarehe ngapi. Na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, anatakiwa aweke na jina lake mle mle. Kwamba muhuri wake una jina haimtoshi mwenye haraka, kwa sababu mihuri tunaijua, nusu imekolea na nusu imepotelea kwenye wino. Kuna watu wamefika mahakamani na hati zenye saini ya kamishna inayong'aa na muhuri wa duara, zikakataliwa kwa sababu kamishna hakujitaja jina. Siku hizi mahakama inaweza kukuruhusu ukarekebishe, lakini nenda kamweleze mteja wako kwamba shauri limesogezwa mbele kwa sababu msomi alisahau kujiandika.

Msidhani nawasema mawakili tu. Katika kesi za jinai, hakimu anatakiwa asaini kila anapomaliza kuandika ushahidi wa shahidi mmoja. Shahidi mmoja, saini moja. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya kesi kwa sababu saini hizo hazikuwepo, watu wakaanza upya. Kwa hiyo shemeji yangu si peke yake katika nchi hii. Yeye ana saini nyingi kupita kiasi, wengine zinawapungukia.

Wakati kiapo kinachapwa, wakili akauliza kama Mzee ana mke. Anaye, Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kivuli na kikapu chake. Akaitwa aje atoe ridhaa. Bibi hakusoma shule, na shemeji akaona hapa angalau mambo yatakwenda mbio: dole gumba, twende zetu.

Hayakwenda mbio. Kwa asiyejua kusoma, dole gumba peke yake halitoshi, lazima iandikwe kwamba hati imesomwa na kufafanuliwa kwake kwa lugha anayoielewa, na jina lake liandikwe pembeni ya alama, maana dole halijitaji. Na ili iandikwe kwamba imesomwa, inabidi isomwe kweli. Wakili akavua miwani, akaifuta, akaanza ukurasa wa kwanza. Sisi wengine, wenye saini zetu na herufi zetu kwenye kona, tukawa tunasikia kilichomo kwa mara ya kwanza. Nami naingia humo, ingawa nilikuja na roho ya ukorofi.

Alipofika kwenye mpaka wa kaskazini Bibi akainua mkono.

"Huyo mnayemtaja aliuza kitambo. Kaskazini sasa hivi pana msikiti."

Kimya. Mzee akafumbua macho, akafikiri, akasema ni kweli. Wakili akapiga mstari mwembamba juu ya jina la jirani aliyehama, akaandika "msikiti" juu yake. J.H. Herufi zangu. Herufi za shahidi wa pili. Bibi akagandamiza dole lake kwenye kidau cha wino, akaliweka pembeni ya sahihisho, dogo na la duara, bila kugusa neno hata moja. Wakili akaandika jina lake pembeni.

Kisha akamgeukia shemeji, lakini kalamu hakuiachia.

"Herufi tu, baba. Tatu. Ukizidisha, unalipia wewe kuchapa."