Namna ya Kufupisha Hukumu ya Mwanafunzi Asiambulie Kitu

Umekabidhiwa uamuzi wa kamati ya nidhamu wenye kurasa tisa, na msajili anataka muhtasari wa ukurasa mmoja apewe mwanafunzi. Usihofu. Tuchukue mfano wa kijana wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Kenya, aliyekutwa na mwakenya ndani ya kifuniko cha kikokotoo katikati ya mtihani wa takwimu.

Mashtaka yalikuwa mawili: kuingia na karatasi isiyoruhusiwa, na kunakili kutoka kwenye karatasi hiyo. La kwanza lilithibitika, kwani msimamizi aliikamata karatasi na kijana mwenyewe akatia sahihi fomu ya tukio. La pili lilianguka: fomula za mwakenya hazikuonekana popote katika majibu yake. Wewe andika tu, "Amepatikana na hatia ya udanganyifu." Hapo umemrudishia hata shtaka alilofutiwa, na akikata rufaa atahangaika kujitetea dhidi ya lile lililokwisha kufa.

Adhabu ni kufutiwa matokeo ya somo hilo na kusimamishwa masomo mwaka mmoja. Andika "amesimamishwa hadi taarifa nyingine." Kwamba masomo yake mengine ya muhula huo yamebaki salama, nyamaza, ya nini kumpa usingizi?

Ufundi wenyewe uko kwenye rufaa. Kanuni za chuo zinampa siku 14 tangu alipopokea barua. Barua iliandikwa Machi 3, yeye akaichukua Machi 11. Usimhesabie siku, sema "ndani ya muda uliowekwa," naye atahesabu kuanzia tarehe aliyoiona juu ya karatasi na kukata tamaa Machi 17. Usitaje kwamba rufaa huenda Seneti kupitia msajili, wala kwamba anaweza kudai utaratibu ulikiukwa, ushahidi mpya umepatikana au adhabu imezidi kosa. Na usimdokezee kuwa rufaa haisimamishi adhabu mpaka aombe hivyo kwa maandishi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala inataka aelezwe sababu za uamuzi na haki yake ya rufaa ya ndani. Sheria hiyohiyo, kwa kawaida, humzuia kwenda Mahakama Kuu kabla ya kumaliza njia za chuoni. Kwa hiyo ukimpotezea siku 14, umemfungia milango miwili kwa kufuli moja.

Ukishindwa kabisa na mwongozo huu, utajikuta umeandika hivi:

"Shtaka la kwanza limethibitika kwa karatasi iliyokamatwa na fomu uliyotia sahihi; la pili limefutwa. Matokeo ya somo la takwimu yamefutwa, na umesimamishwa masomo mwaka mmoja. Unaweza kukata rufaa kwa Seneti, kupitia kwa msajili, kabla ya Machi 25 kuisha. Ukitaka adhabu isubiri, omba katika barua hiyohiyo."

Ila ujue, huyo atauelewa, na Machi 24 utamwona mlangoni na barua yake mkononi.