Avokado za Githeri

Msomaji mwenzangu, kama una mke, watoto na shemeji chini ya paa moja, utanielewa.

Kwangu Kangemi, githeri hailiwi bila avokado. Basi nikapitia Marikiti, nikabeba Hass ngumu kabisa. Mke wangu akazitia kwenye friji karibu na sukuma wiki. Kwake kitu kinacholiwa na chumvi ni mboga. Mama mkwe, tunayemwita Spika kwa kuwa akishaamua mjadala umefungwa, akazitoa na kuzifukia kwenye ndoo ya unga pamoja na ndizi mbivu.

Spika alikuwa sahihi. Avokado haiivi mtini, huiva ikishachumwa. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva, na unga huizuia gesi hiyo isipeperuke. Baridi ya friji hupunguza kasi yote hiyo. Sukuma wiki ndiyo ya friji: ukiichuma hainogi zaidi, inanyauka tu.

Jumamosi githeri ikapakuliwa. Wakati huohuo kitinda mimba wetu, Wakili, akaleta kazi ya shule: tenga matunda na mboga. Avokado aweke wapi? Mama yake akasema mboga, Spika akasema tunda. Shemeji yangu Profesa, anayesomea mimea kule Chiromo, akasema ni beri.

"Anko, beri si zile ndogo ndogo?" Wakili akauliza.

Hapo ndipo chakula chetu kilipogeuka somo. Profesa alichukua embe na avokado, akazipasua. Kokwa la embe lilikuwa gumu kama ubao. Akalibandua kwa ncha ya kisu, na mbegu yenyewe ikaonekana imelala ndani. Lile gamba gumu, alieleza, ni tabaka la ndani la tunda. Kisha akachukua kile tunachokiita kokwa la avokado, akavua ngozi yake ya kahawia, nyembamba kama karatasi. Akakikata, kikaachana nusu mbili laini. Hakukuwa na gamba la kubandua: yote ilikuwa mbegu. Tabaka la ndani la avokado ni utando mwembamba tu unaoigusa mbegu, haligeuki kuwa gumu kama ubao. Ndiyo maana wataalamu wengi wa mimea huiita beri yenye mbegu moja.

"Kwa hiyo nani ameshinda?" Wakili akauliza.

Beri ni aina ya tunda, akasema Profesa, kwa hiyo Spika na yeye wote wako sawa. Mboga ni neno la jikoni, halimo katika elimu ya mimea, na mama mtu kwenye sahani yuko sawa pia.

Kufikia hapo kila avokado mezani ilikuwa imechanwachanwa na kuanza kuwa nyeusi, nasi tukala githeri kavu. Wakili akauliza kuhusu nyanya. "Beri pia," Profesa akajibu, mkono tayari umefika kwenye bakuli la kachumbari. Mke wangu aliliwahi, akalipeleka chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo.