Ndafu Iliyomtangulia Bibi Harusi

Video ya sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu ilikuwa ya saa 5 na nusu. Shangazi akasema hana kiuno cha kukalia kitu kirefu hivyo, nimkatie kama tamthilia. Nikachukua kikokotoo: dakika 330 gawa kwa 30, sehemu 11. Hesabu safi, ila mshereheshaji hakuwa na habari nayo. Sehemu ya pili ikaishia anaposema, "Na sasa anayeleta jokofu ni..." Ya tatu ikaanza na vigelegele. Shangazi alinipigia mara tatu kuuliza ni nani.

Nikarudi kwenye kompyuta kutazama mawimbi ya sauti. Makofi huonekana kama kichuguu kinene, kisha kuna bonde dogo: hapo mshereheshaji anakunywa maji. Nikakata kwenye mabonde. Sehemu zikabaki 11, moja ya dakika 22, nyingine 37, na hakuna aliyelalamika.

Kila sehemu nikaiwekea "Ilipoishia". Kwa uvivu, muhtasari mpya niliutengeneza kwa kuongeza vipande kwenye ule wa zamani, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Kufikia sehemu ya nane, muhtasari ulikuwa na dakika 9, na mjomba alikuwa ameshamwona yuleyule mpiga tarumbeta akianguka mara saba. Nikaufuta wote. Sasa kabla sijachagua kipande najiuliza: anayeanzia hapa atakwama wapi? Sehemu ya zawadi ilihitaji sekunde 20 tu, za kuonyesha kwamba wale wenye vitenge vya kijani ni upande wa mama.

Utangulizi nao niliusoma kwa sauti yangu, kila siku upya. Sehemu ya tatu nina mafua, ya tano jogoo wa jirani anasaidia kutangaza. Nikatengeneza mmoja wa sekunde 8, wenye picha ileile, muziki uleule na sauti ya kiwango kimoja. Kinachobadilika ni namba peke yake.

Nikaziweka sehemu zote kwenye flashi, nikampelekea shangazi kwa fahari. Jioni simu ikalia.

"Mwanangu, mbona ndafu imekatwa, wageni wameaga, ndipo bibi harusi anaingia ukumbini?"

Runinga yake hupanga mafaili kwa kusoma tarakimu moja moja kutoka kushoto. Kwake, baada ya Sehemu 1 ni Sehemu 10, kisha 11, ndipo 2. Moja hutangulia mbili, hata ikiwa imefuatwa na sifuri. Dawa yake ni sifuri nyingine: `Sehemu 01`, `Sehemu 02`, hadi `Sehemu 11`. Nilibadilisha majina kwa dakika tano, nikampelekea flashi mpya.

Akaitazama yote, kisha akaniita kando. "Ni nzuri," alisema. "Lakini ile ya kwanza usiifute. Kule chakula kiliwahi."