Rimoti Iliyokausha Machozi ya Shangazi

Shangazi alipomaliza eda alikuja kwetu Tanga na ombi moja: tumwekee "Kal Ho Naa Ho", ile ya Shah Rukh Khan ya mwaka 2003, apate kulia. Msibani hakupata nafasi. Kila alipoanza, mtu alimshika bega akamwambia ajikaze, na wageni nao walikuwa hawaishi.

Ijumaa usiku tukatandika mkeka, kahawa na kashata zikaletwa, rimoti akaishika mdogo wetu wa kiume. Filamu yenyewe inapita saa tatu, naye alikuwa na mpira wa kuangalia. Basi kila wimbo ulipoanza, akausogeza mbele. "Nyimbo hazina habari," akasema. Ndivyo tulivyomfuata Aman, kijana mwenye ugonjwa wa moyo anayemtafutia mwenzi mwingine msichana anayempenda yeye mwenyewe, kwa mazungumzo matupu tangu mwanzo.

Ulipokaribia wimbo wa huzuni, Mama akampokonya rimoti. Wimbo ukapigwa wote. Tukamgeukia Shangazi: macho makavu.

"Mbona haunishiki?" akauliza, kwa uchungu wa mtu aliyekosa alichokifuata safari nzima.

Mama ndiye aliyeng'amua. Wimbo huo wenye jina la filamu umo mara mbili. Mara ya kwanza Sonu Nigam anauimba kwa uchangamfu, Aman akiwa amesimama imara, jiji la New York likimzunguka. Kuelekea mwisho unarudi taratibu, safari hii Sonu Nigam akiwa na Alka Yagnik na Richa Sharma. Kinacholiza ni kuitambua tuni: sikio linakumbuka jinsi kijana alivyokuwa, jicho linaona alivyo sasa. Aliyerukishwa ule wa kwanza hana cha kukumbuka, na wa pili kwake ni wimbo mzuri tu.

"Ngoja nirudishe nyuma, wifi yangu asikie wa furaha," Mama akasema.

Tukausikiliza wote bila kugusa kitu. Shangazi akaanza kuufuatisha kwa mdomo uliofumbwa. Kisha Mama akaenda moja kwa moja kwenye ule wa huzuni, na ala za mwanzo tu zilitosha. Shangazi alilia kwa kwikwi, akimtaja marehemu mumewe kwa jina. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Wakati wa wimbo hakuna mazungumzo ya kufuatilia wala jibu la kungojewa, kwa hiyo alikuwa na dakika zake mwenyewe. Ulipoisha, Mama akaurudia.

Mpira ulianza mdogo wetu akiwa bado mkekani. Asubuhi Shangazi aliomba filamu kwenye flashi, akamwagiza mdogo wetu amwandikie karatasini dakika ambayo kila wimbo unaanzia, wa furaha juu, wa huzuni chini, ili siku akitaka kulia tena ajue pa kuanzia.